Sekunde 3 za kwanza za video yako: zijaribu kama unavyojaribu mbolea

Kijana mmoja wa kikundi changu alikuwa na miche 6,000 ya nyanya kitaluni, imeshafika wiki ya nne. Ikichelewa zaidi inarefuka na kudhoofika, wateja wanaikataa. Akaniambia, "Afisa, nimerusha video TikTok, watu wanapita tu." Tukafungua takwimu za video ile. Grafu ya utazamaji ilikuwa imeporomoka kabla ya sekunde ya 3, na bei ya miche ilitajwa sekunde ya 12.

Tukafanya kama kwenye shamba darasa. Ukitaka kupima mbolea, unatenga vipande viwili vyenye mbegu ileile na maji yaleyale, unabadilisha mbolea peke yake. Basi nasi sekunde 25 za mwisho tuliziacha zilezile, pamoja na maandishi ya chini. Tulibadilisha mwanzo tu. Video A ilianza, "Habari zenu, karibuni kitaluni kwetu." Video B ilianza na mkono unachomoa mche kwenye trei, mizizi myeupe imejaa, na sauti: "Angalia mizizi kabla hujalipa."

A ilirushwa Jumanne saa 1 jioni, B Alhamisi saa ileile. Kila moja ilipata watazamaji kama 400. Waliovuka sekunde ya 3 walikuwa 36 kwa kila 100 kwa A, na 54 kwa B.

Hapo wengi wangeshangilia. Je, kama Alhamisi watu walikuwa na nafasi zaidi? Wiki iliyofuata tukageuza: B Jumanne, A Alhamisi. B ikashinda tena. Hapo ndipo nilipoamini. Kumbuka, kwa watazamaji 400 kila upande, tofauti ya watu 5 kwa kila 100 inaweza kuja kwa bahati tu. Ikiwa ndogo hivyo, rudia kabla ya kuamua.

Kijana akanogewa, akatengeneza C: "Miche inaisha leo!" Kweli, 61 kwa kila 100 walivuka sekunde ya 3. Lakini kufika sekunde ya 12, penye bei, walibaki 17, wakati B ilibakiza 31. Mwanzo uliahidi jambo ambalo video haikuwa nalo, maana miche bado ilikuwepo tele. Kwa hiyo soma grafu sehemu mbili: sekunde ya 3, na pale unapotaja bei.

Kosa ninaloliona sana ni kubadilisha mwanzo, muziki na bei kwa pamoja. Video ikipanda, hujui kilichoipandisha, na msimu ujao huna cha kurudia.

Andika daftarini tarehe, saa, mwanzo uliotumia, namba hizo mbili, na simu za wateja zilizoingia. Kijana wetu aliendelea na B, maana simu za wanunuzi zilitoka huko.