Nimesahau mchoro wa simu, picha zitapona?

Swali: Nimesahau mchoro wa kufungulia simu yangu ya Android. Fundi anasema ataitoa loki bila kufuta picha. Nimwamini?

Jibu: Ndugu yangu, usimlipe kwa ahadi hiyo. Simu za miaka ya karibuni hufunga data kwa ufunguo unaotegemea mchoro wako. Bila mchoro, picha hazisomeki hata simu ikifunguliwa kipande kwa kipande.

Jaribu michoro yako ya zamani taratibu. Ukishindwa, itabidi uifute simu yote. Kabla ya hapo, ingia photos.google.com kwa simu nyingine. Picha unazoziona huko ziko salama. Zilizokuwa kwenye simu pekee zitapotea. Hakikisha pia unaikumbuka nywila ya akaunti yako ya Google, maana simu ikiwaka upya itaidai, na bila hiyo hutaweza kuitumia.

Toa kadi ya kumbukumbu na laini. Zima simu, kisha shikilia kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti (simu nyingine hutumia cha kupunguza) hadi menyu itokee, uchague `Wipe data/factory reset`.

Meseji za WhatsApp zitarudi iwapo tu ulikuwa umeziwekea nakala. Pesa zako za M-Pesa hazikai kwenye simu, hivyo hazitaguswa.