Asilimia Badala ya Kilo: Kasi ya Kupungua kwa Mtu Mwenye Uzito Mkubwa Sana

Mtu mwenye kilo 120 anapoamua kupunguza uzito, swali la kwanza analouliza kliniki ni apungue kilo ngapi kwa wiki. Ni swali la haki, ila kipimo alichokichagua ndicho kinachompotosha. Kilo moja iliyotoka katika mwili wa kilo 120 si sawa na kilo moja iliyotoka katika mwili wa kilo 65. Kwa wa kwanza ni chini ya asilimia moja ya mwili wake, na kwa wa pili ni zaidi ya asilimia moja na nusu. Ndugu wawili wa Butiama wanaoshindana kupungua kilo moja na robo kila wiki wamejiwekea lengo moja kwa maneno tu. Mmoja atalibeba, na mwingine litamlaza kitandani.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa lishe hutumia asilimia ya uzito alio nao mtu wiki ile. Kasi inayofaa kwa mtu mzima mwenye uzito mkubwa ni kati ya nusu ya asilimia na asilimia moja kwa wiki. Mwenye kilo 120 atatarajia gramu 600 hadi kilo moja na gramu 200, na akifika kilo 100, kiwango hicho hicho kitakuwa gramu 500 hadi kilo moja. Kilo zinazotoka zitakuwa zimepungua ilhali kasi yake haijabadilika. Wengi hawalijui jambo hili, na hukata tamaa katika mwezi wa tano kwa sababu mizani haishuki tena kama ilivyoshuka mwezi wa pili.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 45 anaishi Bunda mjini, ana kilo 120 na urefu wa sentimita 163. Anafanya biashara ya dukani, yaani anakaa zaidi kuliko kutembea. Kwa hesabu zinazotumika hospitalini, mwili wake unatumia takriban kilokalori 2,560 kwa siku. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutumika kuendesha moyo, ini, ubongo na misuli hata akiwa amelala. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kilokalori 7,700. Kwa tarakimu hizi mbili tunaweza kukadiria mpaka wa juu wa kasi. Mama huyu akiacha kula kabisa kwa siku saba, mwili utalazimika kuchukua kilokalori 17,920 kutoka katika akiba yake, sawa na kilo 2.3 za mafuta, ambazo hazifiki asilimia mbili ya uzito wake. Tangazo la chai ya majani linaloahidi kilo tano kwa wiki linaahidi kitu ambacho hata njaa kamili haiwezi kukitoa katika mafuta. Mizani ikionyesha kweli kilo tano, zilizotoka ni maji, haja kubwa na nyama ya misuli. Misuli huisha haraka kwa sababu kilo yake moja ina maji mengi na nishati kidogo sana ikilinganishwa na kilo ya mafuta.

Sasa tutazame chakula chake. Mama huyu hula ugali mchana na jioni, na kila mlo hutumia unga wa gramu 250 hivi, kwa hiyo kilo moja ya unga humtosha yeye peke yake kwa siku mbili. Gramu 100 za unga zina kilokalori karibu 360. Hapa yafaa kusahihisha dhana iliyoenea sana mkoani Mara, kwamba kuacha sembe na kula ugali wa mtama au wa muhogo kunapunguza mwili. Mtama una faida zake, hasa nyuzinyuzi, lakini kwa kipimo kile kile cha unga mkavu nishati ya mtama, muhogo na mahindi inakaribiana mno. Aliyebadilisha rangi ya ugali bila kubadilisha ukubwa wa tonge hajapunguza kitu.

Mama akipunguza unga hadi gramu 150 kwa kila mlo, atakuwa ameokoa kilokalori 720 kwa siku, na kilo yake ya unga itafika siku tatu na zaidi. Akiacha soda moja ya kila siku, ataongeza kilokalori 150 hivi. Akitoa vijiko sita vya sukari katika vile tisa anavyotia kwenye chai tangu asubuhi hadi usiku, ataongeza nyingine 120. Jumla ni 990 kwa siku. Ukizidisha kwa saba na kugawanya kwa 7,700 unapata gramu 900 kwa wiki, ambazo ni robo tatu ya asilimia moja ya uzito wake. Samaki hajaguswa katika hesabu hii, na asiguswe. Sato, sangara na dagaa wa Ziwa Viktoria ndio ulinzi wa misuli yake wakati mafuta yanapotoka, ili mradi wachemshwe au waungwe kwa mafuta kidogo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120, na samaki wa kukaanga hubeba vijiko kadhaa.

Tuseme mama amefuata mpango huu na kupimwa kila Jumatatu. Wiki ya kwanza alishuka kutoka kilo 120 hadi 116.9, na wiki ya pili alifika 115.8. Ya tatu ilikuwa 115.4. Ya nne alipanda hadi 116.1. Ya tano ilikuwa 114.3 na ya sita 113.0.

Furaha ya wiki ya kwanza ndiyo mtego mkubwa. Kilo 3.1 ni asilimia 2.6, na tumekwisha kuona kwamba hata njaa kamili isingeyeyusha mafuta kiasi hicho. Ini na misuli huhifadhi akiba ya wanga, kwa kawaida gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hushika takriban gramu tatu za maji. Ugali unapopungua, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Chumvi ikipungua mezani, maji mengine hufuata. Anayeidhani wiki ya kwanza kuwa ndiyo kasi yake ataiona wiki ya tatu, ya gramu 400, kuwa ni kushindwa.

Wiki ya nne nayo ina maelezo yake. Mama alikwenda msibani Butiama kwa siku tatu, akala pilau na samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Ili aongeze gramu 700 za mafuta, angepaswa kula kilokalori 5,400 zaidi ya zile anazotumia. Hilo haliwezekani kwa urahisi katika siku tatu. Yaliyorudi ni maji yaliyoshikwa na chumvi na wanga, na wiki ya tano yalikwisha kutoka. Wanawake ambao bado wanapata hedhi huona kupanda kama huko siku chache kabla ya damu.

Kwa hiyo hesabu ya haki huziacha wiki mbili za mwanzo, kisha hutazama wiki nne kwa pamoja. Kutoka 115.8 hadi 113.0 ni kilo 2.8. Gawanya kwa nne, upate gramu 700 kwa wiki. Gawanya hizo kwa 115.8, upate asilimia 0.6. Mama amepungukiwa kidogo na mpango, naye yumo ndani ya kiwango. Ningemwandikia katika kadi yake aendelee vile vile.

Hesabu hii yote inategemea mizani moja. Mtu aliyepimwa kliniki Musoma mwanzoni mwa mwezi na kupimwa tena duka la dawa Bunda mwishoni mwake amepima tofauti ya mizani mbili, ambayo yaweza kufika kilo mbili bila mwili wake kubadilika. Apimwe penye mizani ile ile, asubuhi, kabla ya chai na baada ya kukojoa, akiwa na nguo nyepesi. Kuna kikwazo kingine ambacho wenye uzito wa kawaida hawakijui: mizani nyingi za nyumbani hukomea kilo 120 au 130, na sindano ikifika mwisho haisemi ukweli tena. Mwenye kilo 140 atakanyaga mizani hiyo kwa miezi miwili na kuona namba ile ile. Aombe mizani ya jukwaa kituoni. Ikikosekana, mzunguko wa kiuno unaopimwa kwa utepe kila mwezi utamwonyesha mwelekeo.

Kuzidi asilimia moja si hatari katika wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo, kasi hiyo ikiendelea wiki tatu au nne, tunauliza nini kinatoka. Dalili ya nyumbani ni kiti: mama aliyekuwa akiinuka kutoka kigodani bila kushika kitu, sasa akajisukuma kwa mikono, anapoteza misuli pamoja na mafuta. Kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki kwa muda mrefu huongeza pia uwezekano wa mawe katika kifuko cha nyongo. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wenye mafuta, na wakati mwingine hufika hadi begani. Wapo wanaopungua haraka zaidi ya hapa kwa mpango wa hospitali, kwa vyakula maalumu au baada ya upasuaji, lakini hao hupimwa damu na kusimamiwa na daktari. Na anayepungua bila kukusudia, hata kama alikuwa mnene na majirani wanampongeza, apimwe kisukari, kifua kikuu na virusi vya ukimwi.

Anayetumia dawa za kisukari ana sharti la ziada. Glibenklamidi na insulini zilipangwa kulingana na ugali wa zamani. Unga ukipungua na dozi ikabaki, sukari ya damu huweza kushuka mno siku ile ile: jasho la baridi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Amwone daktari kabla ya kupunguza chakula. Wa dawa za shinikizo la damu apimwe tena baada ya wiki chache, hasa akipata kizunguzungu anaposimama. Dawa za kukojosha zisitumiwe kuteremsha mizani, kwa maana zinatoa maji pekee.

Kwa kasi ya asilimia 0.6, mama wa Bunda akianzia kilo 113 atafika 100 baada ya wiki 20 hivi, zisipokatizwa. Wakati huo mwili wake utatumia takriban kilokalori 2,290 kwa siku badala ya 2,560, kwa kuwa mwili mdogo una kazi ndogo. Chakula kile kile kitamwachia pengo la kilokalori 720 hivi, yaani gramu 650 kwa wiki, ambazo kwa mtu wa kilo 100 bado ni zaidi kidogo ya asilimia 0.6. Mara nyingi mwili hujibana zaidi ya hesabu, na kasi ikashuka hadi nusu ya asilimia au chini yake. Hapo asikimbilie kukata tonge jingine. Kwanza apime upya unga wake kwa mizani ya jikoni, kwa maana baada ya miezi mitano gramu 150 za macho huwa zimekwisha kuwa 200.