SOMO: Kuchunguza Hitilafu ya Mfumo Bila Kumtafuta wa Kulaumiwa

Mfumo wa kompyuta unapozimika na mwananchi akarudishwa dirishani bila kuhudumiwa, swali la kwanza huwa ni nani ameharibu. Wahandisi wengi wa mifumo mikubwa huanza na swali jingine: ni nini kilichoruhusu kosa hilo limfikie mteja? Taarifa wanayoiandika baada ya hitilafu haimtaji aliyebonyeza kitufe. Tukio lililoipata GitHub, kampuni ya Marekani inayohifadhi kazi za watunga programu wa nchi nyingi, linaonyesha faida ya utaratibu huo.

GitHub huweka kumbukumbu zake katika hifadhidata iitwayo MySQL. Inaweza kufananishwa na ofisi yenye daftari kuu moja na nakala zake kadhaa. Kila jambo jipya huandikwa katika daftari kuu, kisha hunakiliwa. Wanaotaka kusoma hupewa nakala, ili daftari kuu lisizongwe. Inapobidi kubadili mpangilio wa safu, daftari jipya huandaliwa pembeni na maandishi ya zamani huhamishiwa humo kidogo kidogo. Kwa daftari kubwa, kazi hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa. Hatua ya mwisho ni fupi: daftari jipya hupewa jina la lile la zamani na kushika nafasi yake.

Hatua hiyo fupi ndiyo iliyoleta matatizo tarehe 27 Novemba 2021, saa 5:40 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Jina lilipobadilishwa, sehemu kubwa ya seva za kusomea zilikwama, kwa kuwa shughuli zilizokuwa ndani yake zilisubiriana na hakuna iliyoweza kusonga mbele. Seva hizo zikaanguka na kuanza kujirekebisha. Mzigo wake ukahamia kwenye seva zilizobaki nzima, nazo zikalemewa. Mafundi waliongeza seva zilizokuwa zikitumika kwa kazi za ndani, lakini hazikutosha. Seva iliyoinuka ilipokea mzigo ikaanguka tena.

Hapo ulifanyika uamuzi mgumu. Badala ya kuzilazimisha seva mbovu kuhudumia, mafundi waliziondoa kabisa kwenye huduma hadi zilipomaliza kubadili jina la jedwali. Wateja waliendelea kusubiri, lakini usalama wa kumbukumbu ulitangulizwa. Huduma zilirejea baada ya saa 2 na dakika 50, na ukaguzi ulithibitisha kwamba hakuna kumbukumbu iliyoharibika.

Kampuni iliyaeleza hayo yote hadharani. Lau taarifa yake ingesema tu kwamba fundi fulani alibadili jina la jedwali na kuangusha huduma, uchunguzi ungeishia kwa fundi huyo. Angeonywa au kufukuzwa, na anayemfuata angerudia hatua ile ile, maana kubadili mpangilio wa majedwali ilikuwa kazi ya kawaida pale. Kwa kufuata mlolongo wa sababu, taarifa ilifika kwenye udhaifu wenyewe: badiliko moja liliweza kuzigusa seva nyingi kwa pamoja, na seva zilizobaki hazikuwa na nafasi ya kubeba mzigo wote. Dawa ikaelekezwa huko. Hifadhidata iendelee kugawanywa katika mafungu, ili badiliko lijaribiwe kwanza kwenye fungu moja. Taarifa ilikiri pia kwamba chanzo cha mkwamo wenyewe kilikuwa bado kinachunguzwa, na mabadiliko mengine ya aina hiyo yakasimamishwa kwa muda.

Ukweli wa namna hiyo hupatikana kwa aliyekuwa kazini saa ile. Yeye ndiye ajuaye alichokiona kwenye skrini, na kwa nini hatua aliyoichukua ilionekana sahihi wakati huo. Akijua kwamba maneno yake yatageuzwa kuwa mashtaka, atanyamaza au atapunguza, na udhaifu utabaki ulipo. Hata hivyo, utaratibu huu una mpaka. Anayechezea kumbukumbu kwa makusudi au kwa ajili ya wizi hakukosea. Suala lake ni la nidhamu na sheria.

Mkazi anayesoma tangazo baada ya mfumo wa ankara za maji au leseni kuzimika anaweza kulipima kwa kipimo hicho hicho. Tangazo zuri hutaja saa hitilafu ilipoanza na ilipoisha, walioathirika, mlolongo wa sababu, hali ya kumbukumbu na malipo, na kitakachobadilishwa pamoja na mwenye wajibu wa kukibadilisha. Likisema tu kwamba mhusika amechukuliwa hatua, swali la msingi bado halijajibiwa: mtumishi mwingine akirudia hatua ile ile kesho, ni nini kitakachoizuia huduma isizimike tena?