Kuionyesha Dokumentari Kijijini Ilikopigwa: Mwongozo kwa Vikundi na Watengenezaji Filamu

Kijitabu hiki ni cha watu ambao dokumentari yao imekamilika na sasa wanataka kuirudisha mahali ilikopigwa. Kuionyesha Nairobi au kwenye tamasha la ng'ambo ni kazi nyepesi kuliko hii, kwa kuwa kule watazamaji hawamjui hata mmoja wa wanaoonekana. Kijijini wanawajua wote, wanajua hata mpaka wa shamba uko wapi, na projekta ikishazimwa wataendelea kuchota maji na aliyeonyeshwa kwenye bomba moja.

Tutafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakishutumiwa uchawi. Wapo waliofukuzwa makwao, wapo waliouawa, na wengine hupaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwaponze. Mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba la urithi. Maia Lekow na Christopher King walilifikisha jambo hilo kwa watazamaji wa mbali kupitia filamu yao *The Letter* ya mwaka 2019. Filamu yetu ya mfano ni ya kubuni: ina dakika 55, imepigwa katika kijiji kimoja cha Kaloleni, na ina watu watano. Yupo bibi mjane anayeshutumiwa, mwanawe mkubwa anayemshutumu, mwanawe mdogo anayemtetea, mkaza mwana ambaye mara nyingi amenyamaza, na mchungaji aliyeendesha maombi ya kumtoa bibi pepo.

Wao ndio wa kwanza kuiona

Wote watano waione filamu nzima kabla ya kijiji. Waonyesheni nyumbani kwao kwa kompyuta ndogo, na kila mmoja aione peke yake au na mtu anayemwamini. Hapo wengi hukosea: humwonyesha bibi kwa sababu ndiye wanayemhurumia, wakamwacha mwana mkubwa aje kujiona hadharani. Huyo ndiye wa hatari zaidi. Mtu anayejiona mwovu kwa mara ya kwanza mbele ya majirani 200 hataondoka na hasira dhidi ya mtengenezaji filamu, ambaye kesho atakuwa amerudi mjini. Ataondoka na hasira dhidi ya mamake.

Karatasi ya ridhaa waliyotia sahihi wakati wa kupiga picha haitoshi. Mtu anaweza kuwa alikubali filamu ionekane na watu wa mbali, lakini hajawahi kufikiria ikionyeshwa mita 300 kutoka mlangoni pake. Ombeni ridhaa upya, kwa swali jepesi na la wazi: "Bibi, hii tukiionyesha pale shuleni, jirani zako wakaiona, wewe utalala salama?" Kisha nyamazeni, msimsaidie kujibu. Akisema "nyinyi ndio mnajua," hesabuni kwamba bado hajakubali, mrudi siku nyingine.

Filamu imekwisha, lakini nakala ya kijijini inaweza kupunguzwa. Sekunde kumi zinazotaja jina la mtoto zinaweza kukatwa, na uso wa jirani aliyepita nyuma unaweza kufifishwa. Mkaza mwana akiomba kipande chake cha kilio kisionyeshwe hapa, kiondoeni hata kama ndicho mlichokipenda kuliko vyote. Na bibi akikataa kabisa, hakuna onyesho kijijini. Ipelekeni filamu kata nyingine ambako hajulikani, kama atakubali hilo.

Kuanzia ziara hizo hadi usiku wa onyesho acheni wiki mbili au tatu, maana majibu ya kweli huja baadaye, mtu akishazungumza na nduguze.

Uwanja

Kabla ya kuuliza kama mahali pana umeme, ulizeni nani hatakanyaga pale. Uwanja wa kanisa la mchungaji tuliyemtaja umeshaamua kesi kabla filamu haijaanza, na Waislamu wa kijiji huenda wasije. Ofisi ya chifu inaleta usalama, lakini vijana watakaa kimya wakidhani ni baraza la serikali. Boma la mwana yeyote kati ya wale wawili halifai. Katika mfano wetu tunachagua uwanja wa shule ya msingi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Uwe kwenye umbali ambao bibi anaweza kurudi nyumbani akisindikizwa bila kupita katikati ya umati.

Kwa Kenya, filamu inayoonyeshwa kwa umma inapaswa kuwa imepitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na daraja la umri lililotolewa lifuatwe. Uwanja wa shule utavuta watoto mpende msipende. Ikiwa filamu si ya watoto, tangazeni hivyo tangu mapema na muwe na watu wa kuwazuia langoni. Chifu na kituo cha polisi wajulishwe mapema, lakini wasikae mstari wa mbele. Wanasiasa wasipewe kipaza sauti, hasa mwaka wa uchaguzi.

Pwani giza kamili huingia karibu saa moja na robo usiku, kwa hiyo pangeni kuanza saa moja na nusu. Mwezi mpevu hauna ubaya: hauwezi kuifuta picha ya projekta yenye nguvu, na huwaangazia watu njia ya kurudi. Mwanga wa kuogopwa ni taa ya umeme ya duka jirani, nanyi mzungumze na mwenye duka mchana. Kwa skrini ya upana wa mita tatu, projekta ya lumeni 3,000 inatosha. Sehemu ya chini ya skrini iwe juu ya ardhi mita moja na nusu hivi, la sivyo vichwa vya walioketi mbele vitaficha maandishi ya tafsiri. Spika mbili ziinuliwe juu kuliko vichwa, kwa sababu sauti inayotoka chini humezwa na miili ya mstari wa kwanza.

Skrini ya kitambaa hushika upepo kama tanga. Ifungeni kwenye nguzo kwa kamba za pande zote, upande uliokingwa na jengo, na mwepuke miezi ya masika. Jenereta ndogo ya kilowati moja hubeba projekta na spika bila shida, ila iwekwe nyuma ya darasa, mita 30 au zaidi, kwa waya mrefu. Njia rahisi ya kujua kama sauti inafaa ni kumkalisha mzee nyuma kabisa wakati wa kujaribu, mkamwuliza bibi amesema nini. Akikosea maneno, tatizo lirekebishwe kabla watu hawajafika.

Wazee wengi hawatasoma maandishi ya tafsiri. Filamu yetu ni ya Kigiriama kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hapa wao wako nyumbani, na wageni wa mjini ndio watakaosoma. Mkiipeleka kwa wasiokijua Kigiriama, mkalimani asome kwa kipaza sauti, na filamu isimamishwe mara mbili tatu ili apumue.

Mwanzoni semeni mara moja, bila ukali, kwamba hakuna kurekodi skrini kwa simu. Kipande cha sekunde 20 cha mwana mkubwa akifoka, kikisambaa kwenye makundi ya WhatsApp bila mwanzo wala mwisho, kinaweza kuharibu kazi ya miaka miwili. Wawekeni watu wawili pembeni wa kukumbusha.

Maswali

Mjadala usizidi dakika 40 usiku ule, na usiongozwe na mtengenezaji filamu. Watu watamshukuru tu. Atafutwe mtu wa eneo asiye na shamba katika mgogoro: mwalimu mstaafu, mhudumu wa afya ya jamii, mama kiongozi wa chama. Aketi nanyi mapema, aione filamu, na aandike maswali kwa lugha yake mwenyewe.

"Mmejifunza nini?" huleta hotuba. "Je, uchawi upo?" huligawa kundi papo hapo, na wanaoamini hawatasikia lingine lolote. Tunashauri maswali yaanzie kwenye kilichoonekana. Kikao kile cha familia chini ya mwembe, nani hakuitwa? Mkaza mwana alijua nini ambacho hakukisema, na angemwambia nani? Bibi angefariki mwaka ule, shamba lingeandikwa jina la nani? Baada ya swali hilo la tatu watu hukaa kimya kwa muda, kisha mtu hucheka, kisha mjadala wa kweli huanza. Msiharakishe ukimya huo. Baadaye ndipo kijiji kiletwe karibu: ukisikia usiku kelele kwa jirani mzee, ungempigia nani simu kwanza?

Kanuni moja isivunjwe: hakuna kumtaja mtu wa kijijini kwa jina. Kila mmoja aseme "mtu fulani." Akiinuka mtu kumshutumu jirani yake, mwongozaji amkatize mara moja. Kumshutumu mtu uchawi ni kosa katika Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925, isipokuwa mtu amepeleka malalamiko kwa mamlaka kama polisi au chifu. Mwongozaji anaweza kusema: "Ndugu yangu, hilo lina mahali pake, si hapa," na kipaza sauti kipelekwe kwa mwingine. Ikiwa ishara zinazidi, kama vile watu kusimama na kuelekea upande mmoja, au jina kurudiwa na sauti za nyuma, fungeni mjadala, washeni taa, wekeni muziki, na bibi aondoke na wasindikizaji wake.

Bibi mwenyewe ataamua kama anakuja, anakaa wapi, na kama atasema. Pangeni naye ishara, mfano kujifunika leso kichwani, ya kuwaambia kwamba anataka kwenda.

Kesho yake asubuhi rudini mkutane na vikundi vidogo vya watu 12 hivi: vijana wa kiume, akina mama, wazee. Tunaona hapo ndipo yanapotoka yale yaliyokwama usiku. Vijana hawatasema juu ya shamba mbele ya baba zao.

Baada ya kukunja skrini

Kesho hiyohiyo kila mmoja wa wale watano atembelewe. Kisha baada ya wiki, baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu. Aende mtu mmoja yuleyule, aliyepewa kazi hiyo na nauli yake ikatengwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Jukumu likiachiwa "timu", hakuna atakayekwenda.

Msiulize tu "mko salama?" kwa maana jibu huwa "tuko salama." Angalieni vitu: je, majirani bado hupita kuazima chumvi? Mjukuu anakwenda shule au ameanza kuumwa tumbo kila asubuhi? Bibi analala kwake au amehamia kwa dada yake? Na sikilizeni uvumi wa pesa. Karibu kila mahali husemwa kwamba familia ililipwa mamilioni na wazungu, hata pasipo mzungu. Uvumi huo huzaa wivu, na wivu katika jambo hili si mchezo. Dawa yake ni kusema wazi usiku wa onyesho ni nini kililipwa na nini hakikulipwa, kwa ruhusa ya familia.

Kabla ya yote haya muwe na mpango wa kumwondoa bibi akitishiwa: gari la nani, simu ya nani, na kituo gani kitampokea usiku. Zungumzeni na kituo chenyewe kabla ya onyesho, na muuandike mpango huo.

Mwana mkubwa naye asisahaulike kwa sababu tu hampendezi. Mara nyingi ndiye pekee anayeweza kuwazuia wenzake.

Ziara ya miezi mitatu iende na nakala ya filamu kwa kila mmoja aliyeihitaji, pamoja na orodha ya mahali filamu ilikoonyeshwa na inakotarajiwa kwenda. Someni orodha hiyo kwa sauti. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 mtu aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa, kwa hiyo waachieni namba ya simu itakayopokewa, na jina la mtu mwenye uwezo wa kusimamisha onyesho.