Anaposema Wewe Ndiye Uliyevunja Mkataba Kwanza

Umemfungulia mnunuzi shauri kwa sababu alichukua maharage yako na hakulipa. Katika utetezi wake ameweka madai kinzani: wewe ndiye uliyekiuka mkataba kwanza, hivyo umlipe fidia. Hayo ni shauri kamili dhidi yako. Hata ukiliondoa shauri lako, la kwake linaweza kuendelea, na usipojibu kwa maandishi ndani ya muda, anaweza kupewa ushindi.

Tuseme mkulima wa Heru Juu aliahidi kufikisha Kasulu mjini magunia 30 ya maharage, kilo 100 kila moja, kabla ya Juni 30. Mnunuzi naye aliahidi kuleta magunia matupu kufikia Juni 10. Yalifika Juni 27, tena 22 tu. Mkulima akapeleka 22 hayo Julai 4. Mnunuzi akapima, akasaini hati ya mapokezi, akayaingiza ghalani. Sasa anadai mkulima alichelewa, alipunguza magunia 8, na maharage yalikuwa mabichi.

Wengi huponzwa na kuandika "napinga madai yote." Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataka kila dai la ukweli lipingwe mahususi, usilolipinga huhesabiwa umelikubali. Basi fuata namba za aya zake, moja baada ya nyingine. Lililo kweli likubali, kisha eleza sababu na utaje tarehe.

Kuhusu kuchelewa, mkulima aandike: "Nakubali nilifikisha Julai 4. Magunia yaliyopaswa kuletwa Juni 10 niliyapata Juni 27." Hapo ndipo penye nguvu yake. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ahadi yako ikiwa haitekelezeki mpaka mwenzako atimize yake kwanza, aliyekwama kwanza hawezi kukudai utekelezaji. Aongeze kwamba mnunuzi alipokea mzigo Julai 4 bila kumjulisha kuwa atadai fidia ya ucheleweshaji. Sheria hiyo inamzuia mtu aliyekubali kupokea kwa kuchelewa asidai fidia hiyo baadaye, isipokuwa alitoa taarifa wakati wa kupokea. Kwa hiyo isome hati ya mapokezi mstari kwa mstari kabla ya kuandika neno hili: likiwepo angalizo lake pale chini, hoja hii haitakusaidia.

Magunia 8 yana jibu lilelile la magunia matupu, mradi uwe na ujumbe wa simu au shahidi wa kuonyesha kuwa uliyaomba na maharage yalikuwapo.

Ubichi ni dai lake, na yeye ndiye wa kulithibitisha. Lakini kama unajua magunia mawili yalinyeshewa njiani, yataje hayo mawili na uyapinge mengine 20 waziwazi, ili ubishi wa bei ubaki kwenye mawili hayo tu.