Kumtambulisha Mgeni Kupitia Mkalimani: Urefu wa Sentensi na Mahali pa Kunyamaza

Mwongozo huu ni wa maofisa ugani, watendaji wa kata na viongozi wa miradi wanaomtambulisha mgeni kwenye mkutano ambapo mkalimani anatafsiri kila sentensi papo hapo. Mfano tutakaoufuata ni wa mkutano wa wafugaji wilayani Longido. Mtambulishaji anasema Kiswahili, mkalimani anatafsiri kwa Kimaasai, na mgeni ni daktari wa mifugo aliyekuja kwa kazi ya chanjo.

Anza na muda. Kila utakachosema kitasemwa mara mbili, kwa hiyo ukipewa dakika 4, andaa maneno yasiyofika dakika 2. Kuharakisha hakuokoi muda: mkalimani akizidiwa huanza kufupisha, na wanaomtegemea yeye hupata nusu ya habari.

Sasa sentensi zenyewe. Mara nyingi utambulisho huandikwa hivi: “Mgeni wetu wa leo, ambaye ni daktari wa mifugo aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na ambaye kwa miaka 12 amefanya kazi katika wilaya za Longido, Monduli na Simanjiro, amekuja kwa ajili ya chanjo ya homa ya mapafu ya ng’ombe.”

Sarufi ni safi, lakini kwa mkalimani huu ni mzigo. Kitenzi kikuu, “amekuja”, kinafika baada ya maneno 30, na Kimaasai kwa kawaida hutanguliza kitenzi. Kabla ya kufungua kinywa itambidi ashike kichwani chuo, miaka na wilaya tatu. Kinachomponyoka kwanza ni tarakimu na majina, na hayo ndiyo uliyotaka yasikike. Ivunje, mkwaju ukionyesha unaponyamaza:

“Leo amekuja daktari wa mifugo. / Amekuja kwa ajili ya chanjo ya homa ya mapafu ya ng’ombe. / Amefanya kazi Longido, Monduli na Simanjiro kwa miaka 12. / Alisoma Chuo Kikuu cha Sokoine.”

Hakuna sentensi inayozidi maneno 12, na kila moja ina jambo moja lililokamilika. Shughuli iliyomleta imetangulia sifa zake, kwa kuwa mfugaji aliyeacha ng’ombe malishoni anataka kwanza kujua ameitiwa nini. Majina na tarakimu mwandikie mkalimani kwenye karatasi kabla ya mkutano.

Usivunje kupita kiasi. Ukisema “Amekuja kwa ajili ya” kisha ukanyamaza, mkalimani hana cha kutafsiri. Hatari kubwa zaidi ni kunyamaza kabla ya sharti. Chukua sentensi hii: “Chanjo haina malipo kwa waliosajili mifugo yao.” Ukivuta pumzi baada ya “malipo”, mkalimani atatangaza kwamba chanjo ni bure kwa wote, na sharti litakalofuata litasikika kama mmebadili maneno. Baadhi ya watu watalishika lile la kwanza. Tanguliza sharti: “Waliosajili mifugo yao hawatalipia chanjo.” Hapo hakuna mwanya wa kukatia vibaya.

Mkalimani hutambua kwamba umemaliza kwa sauti yako. Ishushe mwishoni mwa sentensi, funga mdomo, kisha mtazame. Usimalizie kwa “na…” au “kwa hiyo…” iliyoning’inia, kwani ataendelea kusubiri. Yeye akimaliza, subiri pumzi moja ndipo uendelee, ili msipandane sauti.

Anapozungumza, sikiliza hata kama lugha huijui. Sentensi yako fupi ikizaa maelezo marefu, huenda anafafanua neno, mwache amalize. Sentensi ndefu ikirudi kwa maneno machache, pengine kuna kilichoachwa: irudie habari hiyo katika sentensi mbili fupi. Akikuomba urudie, rudia maneno yaleyale. Ukibadilisha usemi, atadhani umeongeza jambo jipya.

Pia nyamaza hadhira inapoitikia. Edward Moringe Sokoine, ambaye chuo kilichotajwa kina jina lake, alizaliwa Monduli, na jina hilo linajulikana na wazee na vijana wa huko. Likitajwa, mnong’ono unaweza kupita kabla mkalimani hajasema lolote. Mwache atulie mpaka utulivu urudi, la sivyo tafsiri yake itamezwa.

Jina la mgeni liweke mwisho kabisa, katika sentensi ya peke yake. Wanaojua Kiswahili watapiga makofi mara tu utakapolitaja, na wengine hawatamsikia mkalimani. Patana naye mapema: wewe useme “Sasa namkaribisha mgeni wetu,” atafsiri, kisha ulitaje jina mara moja nawe ukae kimya. Jina halihitaji tafsiri, hivyo makofi yatatoka kwa wote kwa pamoja. Mgeni naye aelezwe asisimame mpaka alisikie.