Somo la Vijana: Zoezi la Juma na Jibu la Mistari Mitatu

Mlezi wa kikundi cha vijana akiuliza, "Kazi inaendeleaje?", hujibiwa, "Inaendelea vizuri." Jibu hilo halimwezeshi kumsaidia yeyote. Somo hili laeleza jinsi katibu wa chama cha msingi katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa awezavyo kutoa zoezi la juma ambalo jibu lake, japo ni fupi, litaonyesha kazi ilipofikia.

Utaratibu huu si mgeni nchini. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, vikundi vya wananchi vilikutana kwa majuma 12, vikasikiliza redio, vikasoma kitabu na kujadiliana, kisha vikaamua jambo la kutenda, kama vile kuchimba choo. Majadiliano yalizaa kazi inayoonekana. Zoezi la juma nalo halina budi kufanya hivyo.

Zoezi jema lina tendo moja, kipimo kimoja na siku moja ya kujibu. Tuchukue kahawa ya robusta, ambayo kijana huianika ikiwa nzima ili aiuze ikiwa maganda. Katibu aweza kuandika hivi:

"Chuma kilo 20 za matunda mekundu yaliyoiva. Yaanike peke yake juu ya kichanja au turubai. Yapime kila Jumamosi kwa mizani ile ile. Jumapili lete jibu la mistari mitatu: nimefanya nini, uzito ni kilo ngapi, nimekwama wapi."

Tuseme kijana mmoja analeta majibu kwa majuma manne. Juma la kwanza uzito wake ni kilo 13, na hakukwama popote. Juma la pili ni kilo 9 na nusu. Juma la tatu ni kilo 10, na katika mstari wa tatu ameandika, "Mvua ilinikuta shambani."

Hapo ndipo faida ya zoezi inapoonekana. Kahawa inayokauka haiongezeki uzito. Ikiongezeka, imenyonya maji. Mlezi hahitaji kungoja hadi ukungu uonekane au kahawa ikataliwe siku ya kupokelewa. Anamjibu kijana siku hiyo hiyo: atandaze matunda kwa tabaka jembamba, ayageuze mara nyingi mchana, ayafunike kabla ya jioni, na ampate mtu wa nyumbani wa kuyafunika yeye anapokuwa shambani. Juma la nne uzito unashuka hadi kilo 8, na matunda yakitikiswa yanalia ndani ya ganda.

Kilo 20 za matunda mabivu hutoa takriban kilo 8 za maganda makavu, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa tunda bichi ni maji. Kijana aliyejipimia mwenyewe hatapanga mapato yake kwa kuhesabu matunda yaliyo mtini. Aidha, ataweza kupima hasara ya butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini: atalinganisha fedha anazoahidiwa na bei ya kilo za maganda ambazo matunda yale yangetoa.

Mstari wa tatu ndio wenye thamani kubwa, nao ndio rahisi kuharibika. Kijana akiona kwamba aliyekwama huchekwa mbele ya wenzake, ataandika kila juma kwamba hana tatizo. Dalili ni hizi: uzito unaoshuka kwa kiasi kile kile kila juma, au majibu ya vijana wawili yanayofanana kwa kila neno. Kahawa halisi hupoteza maji mengi mwanzoni na machache baadaye. Katibu akiona dalili hizo asimkaripie mtu, bali aende kuona kichanja.

Zoezi hili lina mipaka. Mizani ya nyumbani huonyesha kwamba uzito umeacha kushuka, lakini haisemi unyevu uliobaki ni kiasi gani. Hilo huthibitishwa kwa kipimo cha unyevu. Tena mlezi mmoja asichukue vijana wengi kuliko wale awezao kuwajibu kabla ya zoezi linalofuata, kwani kijana asiyejibiwa mara mbili huacha kuandika.

Maswali ya kujadiliwa katika chama:

1. Ni zoezi gani lenye kipimo kimoja linalowafaa vijana wanaouza maharage au ndizi?

2. Uzito wa kahawa ukibaki kilo 9 na nusu kwa majuma mawili ya jua, na matunda hayalii yakitikiswa, mlezi achunguze nini kwanza?

3. Nani katika chama atasoma majibu, na atayajibu siku gani?